Dola Ndani ya Gramu: Kwa Nini Bei ya Dhahabu Haitulii

Mwishoni mwa Januari 2024, wakia moja ya dhahabu iliuzwa katika soko la dunia kwa karibu dola 2,040. Miezi miwili baadaye, mwishoni mwa Machi, ilikuwa imepanda hadi karibu dola 2,200. Huko Tarime, upande wa Tanzania, wachimbaji wadogo waliona gramu yao ikipanda bei kama ilivyotarajiwa. Lakini ng'ambo ya mpaka wa Sirari, katika machimbo ya Migori nchini Kenya, ambako watu wanafukua dhahabu ya ukanda uleule wa miamba, bei ya gramu ilikuwa imeshuka. Haikushuka kidogo, bali kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi.

Waliokuwa na dhahabu Migori walikuwa na haki ya kushangaa. Redioni walisikia kwamba dhahabu inapaa duniani, kisha mnunuzi anawawekea mezani fedha pungufu kuliko za Januari. Mtu akiibiwa hivyo hivyo machoni pake, neno la kwanza linalomjia ni udanganyifu. Mizani inaweza kweli kuwa na hila, na wapo wanunuzi wa aina hiyo. Ila safari ile kilichoshusha bei hakikuwa dhahabu wala mizani. Ilikuwa ni shilingi ya Kenya.

Kuelewa jambo hili kunahitaji hesabu fupi, na hesabu yenyewe ni ileile anayoifanya mnunuzi kwenye simu yake kabla ya kutaja bei.

Kutoka London hadi mezani

Bei ya dhahabu duniani hutajwa kwa dola za Marekani na kwa wakia. Wakia inayotumika ni ile ya madini ya thamani, yenye gramu 31.1. Kipimo kinachotazamwa zaidi ni bei ya London, ambayo hupangwa kwa mnada mara mbili kila siku ya kazi. Kwa saa za Afrika Mashariki, mnada wa kwanza huanza saa saba na nusu mchana na wa pili saa kumi na mbili jioni. Waingereza wakisogeza saa zao mbele mwishoni mwa Machi, yote mawili huwahi kwa saa moja. Kati ya minada hiyo bei haisimami. Dhahabu hununuliwa na kuuzwa usiku na mchana kuanzia Asia hadi New York, na ndiyo maana bei aliyoitaja mnunuzi saa tatu asubuhi inaweza kuwa imekwisha nguvu kufikia adhuhuri.

Mnunuzi huchukua bei ya wakia, akaigawa kwa 31.1 ili apate dola kwa gramu. Kisha huzidisha kwa thamani ya dola moja katika fedha ya nchi yake. Jibu analopata ni bei ya gramu moja ya dhahabu safi kabisa, kabla ya makato yoyote.

Tuifanye hesabu hiyo kwa Migori. Januari, dola 2,040 kwa wakia ni sawa na dola 65.6 kwa gramu. Wakati huo dola moja ilikuwa inakaribia shilingi 160 za Kenya, kwa hiyo gramu safi ilikuwa na thamani ya shilingi 10,500 hivi. Mwishoni mwa Machi gramu ilikuwa imefika dola 70.7, lakini dola yenyewe ilikuwa imeporomoka hadi karibu shilingi 132. Zidisha, utapata shilingi 9,300 na kidogo. Dhahabu ilipanda kwa asilimia 8 kwa dola, na mchimbaji wa Migori akapoteza asilimia 11 kwa shilingi.

Sababu ya dola kuporomoka Kenya haikuhusu machimbo hata kidogo. Nchi hiyo ilikuwa inadaiwa deni kubwa la dhamana za dola lililotakiwa kulipwa Juni 2024, na wafanyabiashara walihofia kwamba lingeishinda. Hofu hiyo iliwafanya watu wazikumbatie dola zao, na bei ya dola ikapanda. Februari serikali ilipofanikiwa kukopa dola bilioni 1.5 katika soko la kimataifa ili kulipa sehemu ya deni lile la zamani, hofu ilitoweka. Walioficha dola walikimbilia kuziuza, na shilingi ikapata nguvu ndani ya wiki chache. Uamuzi uliofanywa Nairobi ukamfikia mchimbaji wa Migori kupitia mezani kwa mnunuzi.

Upande wa Tarime hapakuwa na tukio kama hilo. Shilingi ya Tanzania iliendelea kulegea polepole, kutoka karibu 2,520 kwa dola mwishoni mwa Januari hadi karibu 2,560 mwishoni mwa Machi. Gramu safi ikapanda kutoka takriban shilingi 165,000 hadi 181,000. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitoka London, na kipande kidogo kilitokana na kulegea kwa shilingi.

Je, ilifaa kuvuka mpaka?

Hapa ndipo wengi huteleza. Ukisikia bei imepanda upande mmoja na kushuka upande wa pili, moyo unakuambia uchukue dhahabu ya Migori ukaiuze Tarime. Tuangalie kama faida ingekuwapo.

Mtu aliyevuka Machi na gramu moja safi angelipwa shilingi 181,000 za Tanzania. Kwa kuwa dola moja ilikuwa shilingi 2,560 huku na 132 kule, shilingi moja ya Kenya ilikuwa na thamani ya shilingi 19.4 za Tanzania. Mwezi Januari ilikuwa chini ya 16. Akirudi Sirari na kuwapa wabadilisha fedha zile 181,000, angepata shilingi 9,300 na kidogo za Kenya, yaani kilekile alichokikataa nyumbani, huku akiwa amepoteza nauli na amejitia katika hatari ya kukamatwa kwa kuvusha madini bila kibali.

Bei mbili zilizoelekea pande tofauti zilikuwa bei moja iliyosomwa kwa fedha mbili. Faida ya kuvuka mpaka hutokea pale tu ambapo kodi, tozo au kiwango cha dola kinatofautiana kweli kati ya nchi na nchi. Hilo la kiwango cha dola tutalirudia, kwa sababu lina mambo yake.

Desemba ya machungu Geita

Tanzania nayo ilionja dawa ya Migori mwishoni mwa mwaka huohuo. Mwishoni mwa Oktoba 2024 wakia ilifikia karibu dola 2,780, bei ambayo ilikuwa haijawahi kuonekana. Dola nayo ilikuwa ghali, karibu shilingi 2,700. Gramu safi ikawa na thamani ya takriban shilingi 241,000. Kwa mchimbaji wa Geita, Kahama au Chunya, vitu viwili vilikuwa vimepanda pamoja, na ilikuwa rahisi kuamini kwamba vitaendelea hivyo.

Novemba mambo yakageuka. Matokeo ya uchaguzi wa Marekani yalipotangazwa, dhahabu ilishuka kwa karibu asilimia 3 kwa siku moja. Kisha Desemba shilingi ya Tanzania ikapata nguvu kwa kasi ambayo wengi hawakuizoea. Mazao ya biashara yalikuwa yameuzwa nje, watalii wameacha dola zao, dhahabu nayo imeingiza fedha za kigeni, na Benki Kuu ilikuwa ikiuza dola kwa mabenki. Kufikia kipindi cha Krismasi dola ilikuwa karibu shilingi 2,400, na wakia karibu dola 2,620.

Gramu safi ikawa shilingi 202,000. Aliyeweka dhahabu yake ndani tangu Oktoba akingoja bei nzuri ya sikukuu alikuwa amepoteza shilingi 39,000 kwa kila gramu.

Inafaa kujua kila mmoja alimnyang'anya kiasi gani. Kama shilingi ingebaki 2,700, kushuka kwa bei ya dunia peke yake kungeiacha gramu kwenye shilingi 227,000 hivi. Hiyo ni hasara ya 14,000. Zile 25,000 zilizobaki ziliondoka na dola. Kwa maneno mengine, mchimbaji aliyekuwa akifuatilia bei ya London kila siku alikuwa anatazama sehemu ndogo ya tatizo lake.

Linganisha na Dubai, ambako dhahabu nyingi ya Afrika Mashariki huishia. Dirhamu ya Falme za Kiarabu imefungwa kwenye dola kwa kiwango cha 3.6725 tangu 1997. Katika miezi hiyohiyo miwili, sonara wa Dubai aliona gramu ikishuka kwa asilimia 6 tu, kama ilivyoshuka London. Geita ilishuka kwa asilimia 16. Hali ni hiyo pia Oman, ambako riali haijabadilishwa dhidi ya dola tangu 1986. Mswahili aliyeko Maskati akimtumia ndugu yake wa Geita picha ya bei ya dukani, anamtumia bei ya dunia iliyovaa kanzu. Bei ya ndugu yake ina mzigo wa ziada.

Dola ipi?

Mpaka hapa tumesema "kiwango cha dola" kana kwamba kiko kimoja. Kuna nyakati huwa viwili.

Mwaka 2023 na sehemu kubwa ya 2024, Tanzania ilikuwa na uhaba wa dola. Benki ilitangaza kiwango chake, lakini mwagizaji wa mafuta au vipuri akienda dirishani aliambiwa asubiri. Aliyekuwa na haraka alitafuta dola mitaani kwa bei ya juu kuliko iliyotangazwa. Katika hali hiyo dhahabu hugeuka kuwa njia ya kupatia dola: unainunua kwa shilingi, unaiuza nje, unalipwa kwa fedha ya kigeni.

Mfanyabiashara wa namna hii hahesabu gramu kwa kiwango cha benki. Anaihesabu kwa kile ambacho angelipa mitaani kuipata dola ileile. Tuseme benki inasema 2,500 na mtaani ni 2,650. Kwa gramu ya dola 70, tofauti hiyo ni shilingi 10,500. Anaweza kumwongezea mchimbaji hata nusu yake, akawashinda wanunuzi wengine wote sokoni, na bado akatoka na dola rahisi. Ndiyo maana wakati wa uhaba wa dola unaweza kukuta mji mmoja unanunua dhahabu kwa bei inayoonekana kupita ya London, huku mnunuzi akitabasamu. Faida yake ipo kwenye bidhaa atakazoziagiza kwa dola hizo.

Hesabu hii inaweza kugeuzwa. Chukua bei ya gramu safi iliyotajwa sokoni, rudisha makato, kisha igawe kwa bei ya dunia kwa gramu. Namba unayoipata ni kiwango cha dola anachokitumia mnunuzi. Ikiwa juu ya kiwango cha benki, dola ni adimu na kuna mtu anazihitaji sana. Ikiwa chini sana, ama mnunuzi anajikinga na shilingi inayopata nguvu, ama anamlalia muuzaji.

Pale pengo kati ya benki na mtaa linapokuwa kubwa, dhahabu hukimbia. Burundi imeliona hilo kwa miaka kadhaa: dola ya mtaani imekuwa ghali mno kuliko ya rasmi, na mchimbaji anayelipwa kwa kiwango rasmi anapunjwa sehemu kubwa ya jasho lake kabla hata mizani haijaguswa. Mashariki ya Kongo, kwa upande mwingine, dhahabu hununuliwa kwa dola zenyewe, na tatizo hili la viwango viwili halimpati muuzaji. Anabaki na bei ya dunia na makato ya barabara.

Mji na mji

Siku moja, shilingi moja, nchi moja, na bado Chunya inataja bei yake na Geita yake. Hapa dola haina kosa. Sababu kubwa ya kwanza ni usafi.

Dhahabu inayotoka kwa wachimbaji wadogo haiji ikiwa safi. Ardhini imeshikana na fedha, ile madini nyeupe, na kila eneo lina mchanganyiko wake. Tuseme wachimbaji wawili wana kipande cha gramu 10 kila mmoja, wakati gramu safi ni shilingi 202,000. Cha kwanza kina usafi wa asilimia 90, cha pili asilimia 80. Katika masoko ya madini yaliyoanzishwa Tanzania tangu 2019, mwaka 2024 muuzaji alikatwa mrabaha wa asilimia 6, ada ya ukaguzi ya asilimia 1 na ushuru wa huduma wa halmashauri wa asilimia 0.3. Tumwachie mnunuzi asilimia 2 yake.

Wa kwanza ana gramu 9 safi, zenye thamani ya shilingi 1,818,000. Baada ya makato yote anabaki na 1,649,000 hivi, yaani karibu 165,000 kwa kila gramu aliyoiweka mezani. Wa pili ana gramu 8 safi na anaondoka na shilingi 1,466,000, karibu 147,000 kwa gramu. Wakikutana kwenye kibanda cha chai, mmoja atasema mji wake unanunua kwa 165,000 na mwingine kwa 147,000. Wote wanasema kweli, na hakuna mji uliompunja mtu.

Kwa hiyo upimaji ndio penye pesa. Masoko makubwa yana mashine ya mionzi inayosoma usafi kwa sekunde chache. Mbali na masoko bado hupimwa kwa maji: kipande hupimwa uzito hewani, kisha kikining'inia ndani ya maji. Kipande cha gramu 10 chenye usafi wa asilimia 90 hupungua kwa gramu 0.56 majini, cha asilimia 80 hupungua kwa 0.60 au 0.61. Tofauti ni ndogo mno kiasi kwamba kosa la gramu 0.01 linasogeza usafi kwa zaidi ya asilimia 2, na kwa kipande hicho ni shilingi zisizopungua 45,000. Tundu lenye hewa ndani ya kipande ambacho hakikuyeyushwa vizuri linatosha kuleta kosa hilo, na siku zote kosa la hewa humwumiza muuzaji. Kipande kinapaswa kuyeyushwa vizuri kabla ya kupimwa, na povu linaloganda juu yake majini kuondolewa.

Sababu ya pili ni umbali ukichanganywa na ujazo. Mnunuzi anayefika kwenye mwalo wa ndani anatumia, tuseme, shilingi 200,000 kwa usafiri na ulinzi hadi mjini. Akirudi na gramu 50, kila gramu imebeba shilingi 4,000 za safari. Akirudi na kilo nzima, ni shilingi 200 tu. Ndiyo maana machimbo yakifumuka na watu wakajaa, bei hupanda hata kama London imelala: wanunuzi wanaongezeka, mizigo inakuwa mikubwa, na gharama ya kila gramu inashuka. Machimbo yakichoka, hugeuka kinyume.

Ya tatu ni fedha taslimu. Mnunuzi aliyemaliza shilingi zake saa sita mchana hushusha bei ili watu wasimwendee, au huahidi kulipa kesho. Na mchimbaji aliyekopeshwa chakula na dizeli na mdhamini hana soko la kuchagua. Anauza kwa yule aliyemkopesha, kwa bei iliyokwisha kukatwa riba ambayo haikuandikwa popote.

Kuna na jambo la mlango anaoutumia muuzaji. Benki Kuu ya Tanzania imekuwa ikinunua dhahabu kwa ajili ya akiba ya taifa, na dhahabu inayopita njia hiyo imewekewa mrabaha wa asilimia 4 badala ya 6 na kuondolewa ada ya ukaguzi. Kwa gramu ya shilingi 202,000, asilimia 3 hizo ni shilingi 6,000 hivi.

Jumamosi na tahadhari zake

Soko la dunia hufungwa Ijumaa usiku na kufunguka tena usiku wa kuamkia Jumatatu. Machimbo hayafungwi. Anayenunua Jumamosi anabeba mzigo ambao hajui utaamkia bei gani, kwa hiyo hujikinga kwa kutaja bei ya chini kidogo. Habari ya vita au ya riba ya Marekani ikitoka mwisho wa wiki, kinga hiyo huongezeka. Asiye na shida ya haraka hupata bei iliyo karibu zaidi na ya dunia akiuza siku ya kazi, mchana, wakati London na mabenki ya nyumbani yote yako wazi.

Anayekwenda kuuza leo basi aende na namba tatu mkononi: bei ya wakia ya saa hiyo, kiwango cha dola cha Benki Kuu cha siku hiyo, na usafi wa kipande chake uliopimwa mbele ya macho yake. Agawe kwa 31.1, azidishe kwa dola, azidishe kwa usafi, atoe makato ya sheria. Kilichobaki kati ya jibu lake na bei anayotajiwa ni sehemu ya mnunuzi, na hiyo ndiyo pekee ambayo kelele za mezani zinaweza kuibadilisha.